Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chumba nachohama, Mabibo, nyumba ya geti la bluu

Mpangaji mwenzangu, karibu. Tangu dalali aanze kuleta watu kuangalia hiki chumba nimeshajibu maswali yaleyale kwa watu kama nane hivi, na wengi walikuwa wanauliza mbele ya mzee mwenye nyumba kwa hiyo nilikuwa nameza meza maneno. Sasa we ndo umelipia, mzee kashanipa namba yako, nimeona nikuandikie yote nikiwa bado nayakumbuka. Nimekaa hapa tangu 2021, sina ugomvi na mtu, nahama kwa sababu ya kazi tu.

Umeme ni wa kushea au kila mtu na mita yake?

Wa kushea. LUKU ni moja, iko ukutani barazani kwa bibi wa chumba cha mbele, na tuko kaya nne: bibi, mama wa barafu, kaka wa bodaboda na mimi (sasa we). Hili ndo jambo kubwa kuliko yote kwenye hii nyumba, mengine utayazoea, ila umeme usipouelewa wiki ya kwanza utakuja kununa na watu wazuri bure.

Zamani tulikuwa tunagawa kwa nne, bila hesabu. Mi nilikuwa naumia maana nina feni moja, taa tatu, tivii na jagi la kuchemshia maji basi, sipo nyumbani toka asubuhi mpaka saa moja usiku, halafu nalipa sawa na mtu mwenye friza. Nikavumilia karibu miaka miwili. Siku moja nikaenda Kariakoo nikanunua sabumita, ile mita ndogo isiyoingizwa tokeni, inahesabu tu, 35,000, fundi umeme akaifunga kwa 20,000. Wenzangu kuona hivyo nao wakafunga za kwao ndani ya miezi mitatu. Kwa hiyo sa hivi kila kaya ina sabumita, ya kwako iko juu ya mlango wa jikoni.

Sasa hesabu mnapigaje?

Tarehe mosi asubuhi kila mtu anapiga picha sabumita yake anatupia kwenye grupu la Watsap. Unachukua namba ya mwezi huu unatoa ya mwezi uliopita, hizo ndo uniti zako. Ngoja nikupe mwezi wa kwanza tuliofanya hivyo, bado ninao kwenye daftari.

Nyumba nzima ilitumia uniti 240. Sisi tuko kwenye tarifu ya kawaida, uniti ni shilingi 292 kabla ya makato, ukiweka VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1 inafika kama 356. Ndo maana ukinunua umeme wa 10,000 unapata uniti 28 na pointi. 240 mara 356 ni 85,440. Kwa mtindo wa zamani kila mmoja angetoa 21,360.

Sabumita zikasema hivi: mimi 38, bibi 31, kaka wa boda 42, mama wa barafu 118. Jumla 229. Zile 11 zilizobaki ni taa za nje na pampu ya maji, hazipiti kwenye sabumita ya mtu, hizo ndo tunagawa kwa nne, inakuja kama 980 kila mtu. Kwa hiyo mimi badala ya 21,360 nikalipa 14,500, bibi 12,000, kaka wa boda karibu 16,000, na mama wa barafu 43,000. Ilibidi tunyamaze kidogo pale barazani siku ile. Bibi, mstaafu wa watu, alikuwa analipa karibu mara mbili ya umeme wake muda wote huo na hajawahi kulalamika hata siku moja.

Huyo mama wa barafu si alikasirika?

Alikasirika na sabumita, akasema imefungwa vibaya. Ikabidi fundi arudi kuipima. Haikuwa mita, ilikuwa raba ya mlango wa friza. Fundi alichukua noti ya elfu moja akaibana na mlango akaivuta, ikatoka bila kukwama hata kidogo, upande wote wa kushoto raba ilikuwa imekakamaa. Hewa ya joto inaingia, mashine inanguruma mchana kutwa haipumziki, na barafu inaota ukutani kama ngozi ya mamba. Akabadilisha raba, akaisogeza friza isigusane na ukuta, mwezi uliofuata akasoma 90. Sa hivi yeye ndo mlinzi mkuu wa hesabu, tarehe mosi ukichelewa kutuma picha anakugongea.

We kama unakuja na friji la mtumba fanya hilo jaribio la noti kabla hujalipia, kila upande wa mlango.

Kwa nini msiombe ile tarifu ya uniti za bei rahisi?

Kila mtu anauliza hili. Ile ni ya watumiaji wadogo, uniti 75 za kwanza za mwezi zinauzwa shilingi 100 kabla ya makato, ndo wale unaowasikia wananunua umeme wa 9,150 wanapata uniti 75. Lakini mbele ya hizo 75 uniti inaruka mpaka 350, yaani ghali kuliko yetu, na TANESCO wanaangalia matumizi ya mita nzima, hawaangalii kaya. Mita yetu inakula zaidi ya 200 kila mwezi. Kwa mtu mmoja mmoja sote tungefaa isipokuwa mama wa barafu, ila kwa mita moja haiwezekani. Dawa yake ni kila mtu kuvuta LUKU yake, na hapo lazima mzee akubali, na hajakubali.

Nani ananunua tokeni, na ile kodi ya jengo je?

Anayenunua ni kaka wa boda, yeye simu yake haikosi salio. Tunamtumia hela tarehe mosi kwa makadirio ya mwezi uliopita, anatupia zile namba 20 kwenye grupu, bibi anaingiza. Usimtumie bibi hela mkononi, anasahau.

Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, kwa nyumba ya kawaida kama hii ni 1,500 kwa mwezi kwa sasa, na inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Zamani tulikuwa tunanunua kwa zamu, basi ikifika tarehe mosi umeme unaelekea kuisha kila mtu anajifanya hajaona, anasubiri mwenzake anunue kwanza aliwe ile 1,500. Mtu ananunua wa 5,000 anapata uniti tisa, anahisi kaibiwa. Tulilala giza mara mbili kwa sababu ya huo ujinga.

Na hiyo kodi ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Mi nilitunza meseji zote za manunuzi, miezi sita ni 9,000, nikamwonyesha mzee wakati wa kulipa kodi ya chumba akaguna ila akakata. Sasa tunamkata kila miezi sita na hiyo 9,000 inaingia kwenye umeme wa nyumba nzima. Tunza meseji tu, mzee bila meseji haamini.

Ntajuaje hakuna mtu kachomeka waya kwenye umeme wangu?

Swali zuri, na lilinikuta. Sabumita ina kataa kekundu kanakopepesa, na pembeni utaona pameandikwa `1600 imp/kWh`, maana yake kakipepesa mara 1600 ni uniti moja. Siku ya kwanza kabla hujapanga vitu, zima meni swichi ya ndani kwako kabisa, simama uangalie hako kataa dakika tano. Kasipepese hata mara moja. Kakipepesa, kuna kitu kinakula umeme kati ya sabumita na swichi yako.

Mimi kalikuwa kanapepesa polepole, kama mara moja kila dakika nne hivi. Fundi kufuatilia akakuta taa ya barazani kwa bibi imeunganishwa kwenye laini yangu, si kwamba bibi kaiba, ni fundi wa zamani alichukua njia fupi. Ilikuwa balbu ndogo ya wati 9, pesa yenyewe haikuwa kubwa, ila angekuwa mwingine kachomeka pasi pale ningelia. Ilishahamishwa. Rudia tu jaribio kila ukiona uniti zako zimeruka bila sababu.

Naweza kufunga hita ya kuogea?

Usifunge. Waya wa ardhi wa hii nyumba ulikatika kule nje nyuma ya choo, unaonekana kabisa umening'inia, na mzee anajua. Mpangaji aliyekuwepo kabla ya kaka wa boda alikuwa na hita, akawa anasikia vidole vinawashwawashwa akigusa koki, akaitoa mwenyewe. Mpaka siku mzee atakapofunga waya mpya, chemsha maji kwa jagi, na jagi likishachemka chomoa kabisa ndo umimine.

Maji yanatoka?

Yanatoka, ila ratiba yake ujue. Ya DAWASA yanakuja Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa tano usiku hivi mpaka alfajiri, na presha ni ndogo, hayapandi mnarani. Kwa hiyo yanajaa kwenye simtanki la chini la lita 1,000, halafu pampu inayasukuma kwenye la juu la lita 2,000. Asiyeamka kuwasha pampu ndo kawalaza wenzake na kiu. Zamu ya Ijumaa ni ya chumba chako, pole, mi nilikuwa naweka alamu saa sita na saa tisa. Pampu isiachwe inazunguka bila maji, utaisikia sauti inabadilika inakuwa nyembamba, zima hapohapo, ile ya kwanza iliungua hivyohivyo na tulichangishana.

Boya la tanki la juu halifungi vizuri. Likijaa maji yanamwagika upande wa dirisha la mama wa barafu na ataamka, kwa hiyo usiwashe ukarudi kulala.

Sasa piga hesabu mwenyewe: lita 2,000, watu kumi na moja, siku tatu mpaka nne. Ni kama lita 50 kwa mtu kwa siku, ndoo mbili na nusu, ukiwa unafulia hapohapo hazitoshi. Mi nilikuwa na pipa langu la lita 200 jikoni, nakuachia. Nalijaza usiku wa Ijumaa moja kwa moja kutoka bomba la chini, halijawahi kunikausha, isipokuwa mwezi wa kumi 2022 ule mto Ruvu uliposhuka na jiji zima likaingia kwenye mgao, hapo ilikuwa ni maguta na madumu kama kila mtu.

Mvua ikinyesha hali inakuwaje?

Hii dalali hakukuambia najua. Ukuta wa chumbani upande wa choo unapandisha unyevu. Mwezi wa tatu mpaka wa tano utaona rangi inavimba na kutoa unga mweupe kama chumvi, inaanzia chini inafika magotini. Mzee alipaka rangi mpya wiki iliyopita ndo maana umeuona unang'aa. Nilishapoteza godoro la futi tano kwa sababu nililiegemeza pale wakati nimesafiri wiki mbili, nililikuta na madoa meusi na lile harufu halikuwahi kutoka. Kitanda kiweke upande wa dirisha, kabati liache nafasi ya kiganja kutoka ukutani, na usiweke begi la nguo chini.

Bati linavuja sehemu moja tu, juu ya sinki la jikoni, kwenye msumari. Kwa kuwa ni juu ya sinki nilishaacha kuhangaika nalo.

Barabara ya mbele inajaa tope ila nyumba haiingii maji, iko juu kidogo kuliko zile za bondeni.

Majirani wakoje, kwa ukweli?

Bibi: mwamkie kwanza kabla hujapita, shikamoo kamili umesimama, si ile ya kupita unaitupia mgongoni. Akishakuzoea atakupokelea mizigo, ataanua nguo zako mvua ikija, na anajua kila mtu aliyeingia getini. Usimwombe akufichie siri, hawezi.

Mama wa barafu ana sauti kubwa lakini hasira zake haamki nazo kesho. Watoto wanakuja kununua barafu toka saa nne asubuhi, kama unafanya kazi usiku na unalala mchana hiki chumba hakikufai kabisa, ungeniuliza mapema ningekwambia.

Kaka wa boda ni mpole, anarudi saa nane tisa usiku na pikipiki anaizima nje ya geti anaisukuma ndani asituamshe. Geti linafungwa saa tano, yeye ana ufunguo wake na we utapewa wako, usiuchongeshe kumpa mgeni, kuna mwaka tuliibiwa nguo kwenye kamba na fununu zilizunguka mwezi mzima.

Baa iko mtaa wa nyuma. Ijumaa na Jumamosi mpaka usiku mwingi, besi inatetemesha kioo cha dirisha la sebule, nilikunja karatasi nikaipachika pembeni ya kioo, usiitoe.

Na siku za mwanzo nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe na mjumbe akujue. Utakuja kutaka barua ya utambulisho, ya benki au NIDA, na wakiwa hawakujui utazungushwa.

Mzee mwenye nyumba ni mtu wa namna gani? Kitu kikiharibika?

Si mbaya, ni mgumu wa pesa. Kodi 150,000 anataka miezi sita kwa pamoja, hapandishi katikati ya mkataba, hilo nampa. Kwenye matengenezo ndo uwe na akili. Kitasa cha choo kilivunjika nikatengeneza kwa 45,000 bila kumwambia, nikaenda na risiti, akasema "nani alikutuma mwanangu?" na ikaishia hapo. Mwaka uliofuata koki ya jikoni ikapasuka, safari hii nikampigia picha, nikamtumia na bei ya fundi, nikamwandikia "mzee shikamoo, nitengeneze tukate kwenye kodi?" akajibu "sawa", neno moja tu. Wakati wa kodi nikamwonyesha lile neno, akakata 30,000 bila kubisha. Mpigie baada ya saa kumi jioni, kabla ya hapo anakuwa shambani Mbezi na hapokei.

Akikupa risiti hakikisha ameandika miezi yenyewe, kuanzia lini mpaka lini, siyo "kodi ya chumba" tu. Na upige picha ukuta ule wenye unyevu siku unaingia, ili usije ukaambiwa umeuharibu wewe.

Unaacha nini, na makabidhiano yakoje?

Naacha pipa, fimbo mbili za pazia na mtungi mtupu wa gesi wa kilo 6, rejuleta naondoka nayo. Ufunguo wa chumba uko kwa bibi, wa geti kwa kaka wa boda. Umeme nimelipa mpaka leo, sabumita nimeipiga picha asubuhi hii na kuitupia kwenye grupu inasoma 921.4, kwa hiyo chochote juu ya hapo ni chako. Na Ijumaa hii ni zamu yetu ya pampu, nitakuwa nimeshahama, weka alamu.